Kumbukumbu ya mradi: masikio ya paka yalivyonitesa

Hatimaye folda ya "masikio nyuma" imefunguka. Hiyo ndiyo iliyoukwamisha mradi wote wa kupanga picha zangu za paka wa Lamu kwa hali zao: ametulia, anaogopa, amekasirika. Mkia uliosimama wima na kujikunja ncha hausumbui, huyo anakuja kusalimia. Kiboko ni masikio yaliyogeuka. Sikio la paka huzunguka karibu nyuzi 180, kila moja kivyake, na picha haikuambii kama limegeuka sasa hivi au limekaa hivyo kitambo.

Iliyonitoa jasho zaidi ni ya paka wa rangi ya chungwa kando ya meza ya muuza samaki. Masikio yote mawili yamegeuka hadi mgongo wa sikio unaonekana kutoka mbele. Ukifuata masikio tu, utaandika hasira. Nikaziba kichwa chote kwa kidole gumba nikasoma mwili peke yake: miguu ya mbele kaikunjia chini ya kifua, mkia umelala tu, manyoya ya mgongoni hayajasimama. Paka aliyejikunja hivyo hajajiandaa kupigana wala kukimbia. Nikaitafuta picha yenyewe kabla sijaikata pembeni, na nyuma yake kuna punda anapita na shehena ya mawe. Kumbe anamsikiliza punda!

Sasa mweke karibu na yule wa kichochoroni. Masikio yamelala ubavuni, yamebanwa hadi kichwa kimekuwa bapa. Kichwa kiko chini ya mabega, mkia umebanwa mwilini, masharubu yamerudi shavuni na uzito wote uko miguu ya nyuma. Huyo ukimziba kichwa bado unaiona hofu.

Mboni za macho nimezifuta kwenye jedwali langu la dalili. Jua la saa sita huzibana hata kama paka ana wasiwasi, na magharibi hupanuka hata kwa aliyeshiba akatulia. Labda niwe najua mwanga ulikuwaje, na picha za zamani sikuandika saa.

Halafu hii Portrait ya simu, sitaki hata kuisikia. Inatia ukungu kwenye ncha za masikio na masharubu, yaani palepale ninapopahitaji, na yule punda angefutika kabisa. Mimi sasa napiga picha za mfululizo, na mlio wa kamera nauzima, maana paka akiusikia tu sikio linageukia kwako na ushahidi umeharibika.

Ilikuwa zamu ya mbwa wiki hii. Watasubiri, hasa wale wa masikio ya kuning'inia, ambao itabidi nitazame shina la sikio badala ya ncha. Kwanza nazisoma upya picha zote za paka mara mbili: duru moja nimeziba kichwa, duru nyingine nimeziba mwili. Majibu yasipolingana, picha inaingia folda mpya, "sijui", na hata jina la hali siipi.