Pesa ya chupa ilivyopata mstari wake kwenye ankara

Ninatunza vitabu vya depo ya soda hapa Igoma, Mwanza. Wateja wetu wengi ni wa mjini, lakini wanaonishughulisha zaidi ni wa visiwani, hasa Ukerewe. Mwenye duka wa Mabatini analeta kreti tupu asubuhi na kuondoka na zilizojaa. Wa Nansio anachukua leo, na tupu zitarudi akipata nafasi kwenye chombo.

Zamani bei ya kreti ilikuwa moja, soda na chupa humo humo. Tupu zikirudi, karani anapunguza kwa makadirio. Mauzo yalionekana makubwa mwezi wa sikukuu, kisha yanashuka mwezi unaofuata tupu zinapomiminika, na hakuna aliyeweza kusema faida hasa ni ipi.

Sasa ankara ina mistari mitatu: soda, amana ya chupa na amana ya kreti. Chupa na kreti nimezitenganisha kwa makusudi, kwa sababu ni nadra kreti kutoka kisiwani ikiwa na chupa zake zote 24. Mstari wa soda peke yake ndio unaingia kwenye mauzo. Ile mingine miwili inaingia kwenye akaunti ya madeni, maana ni pesa ya mteja tuliyoishikilia. (Namna mistari hiyo inavyokaa kwenye risiti ya EFD, tulikubaliana kwanza na mshauri wa kodi. Usibuni mwenyewe.)

Chukua mama mmoja wa Nansio aliyebeba kreti 30. Soda ni shilingi 13,000 kwa kreti, jumla 390,000. Chupa 720 kwa shilingi 300 ni 216,000, na kreti 30 kwa shilingi 4,800 ni 144,000. Alilipa 750,000, na kati ya hizo 360,000 ni zake akirudisha vyombo.

Aliporudi alileta kreti 28. Tulihesabu chupa mbele yake, moja moja, tukipitisha kidole mdomoni mwa chupa na kunusa. Iliyomeguka mdomo haipokelewi, wala iliyowahi kutiwa mafuta ya taa, kwa sababu harufu ile haitoki na kiwanda kitaturudishia. Badala ya 672 zilipita 655.

“Mwanangu, hizo zenye ufa si chupa zenu hizo hizo?”

“Ni zetu mama, ila kiwandani hawazipokei. Shika uzione mwenyewe.”

Nilimwandikia hati ya marejesho inayotaja namba ya ankara ile ya kwanza: kreti 28 ni 134,400, chupa 655 ni 196,500, jumla 330,900. Kwenye daftari lake zikabaki kreti 2 na chupa 65, yaani 29,100. Kiasi cha marejesho tulikikata kwenye mzigo mpya. Taslimu tunatoa kwa anayefunga biashara tu.

Jambo lililonipa kazi kuliko yote ni kupanda kwa amana. Chupa ilikuwa 250, ikawa 300. Aliyelipa 250 akirudishiwa 300, depo inatoa hamsini isiyowahi kupokea, na kwa maelfu ya chupa hilo ni pengo la kweli. Ndiyo maana salio la kila mteja ninalitunza kwa idadi na kwa pesa, na chupa zinazorudi zinafuta kwanza zile za zamani kwa bei aliyolipia. Pia hakuna anayerudishiwa zaidi ya salio lake. Wapo wanaookota chupa kwenye kumbi za harusi na kutuletea. Hizo tunaweza kuzinunua, lakini kwa hati nyingine na kwa bei tunayopanga sisi.

Mwisho wa mwezi ninapima hivi. Sisi nasi tumeweka amana kwa msambazaji wetu, kwa hiyo ninajua idadi ya chupa tunazodaiwa. Ninajumlisha zilizojaa ghalani, tupu zilizo nzima, zilizo kwa wateja kwa mujibu wa salio, na zilizovunjika zilizoandikwa. Jumla ikipungua, ninaanza na tupu zilizopokelewa jioni watu wakiwa na haraka ya kufunga. Mara nyingi kreti ilihesabiwa kwa macho tu, ikaandikwa 24 ilhali ndani zimo 21.

Salio la mteja aliyepotea halitoki kwenye madeni kwa sababu tu limekaa. Ankara yetu inasema miezi sita. Ikipita tunampigia simu, na akikiri kwamba vyombo vimepotea ndipo amana inahamia kwenye mapato. Siku hiyo hiyo ninaandika hasara ya amana yetu kwa msambazaji kwa chupa zile zile, kwa hiyo bosi anayedhani tumepata pesa ya bure ninamwonyesha mistari yote miwili.