Rundo la mchanga wa ujenzi na jicho la mwanangu

Mwenye nyumba wetu hapa Kisauni alileta lori la mchanga akitaka kuongeza vyumba viwili. Ujenzi ukakwama kwa sababu ya pesa, mchanga ukabaki chini ya mwembe, na watoto wote wa ploti wakahamia pale. Paka wa mtaa nao wakahamia. Paka hupenda mchanga mwepesi kwa sababu hufukua, hujisaidia na kufukia, kwa hiyo mtu akipita haoni kitu. Upande wa geti askari ana mbwa jike, na mwaka ule alizaa.

Mwanangu alikuwa na miaka mitano. Jicho lake la kushoto lilianza kwenda upande, tukasema ni makengeza. Mamangu alipokuja kututembelea akaniambia, "Huyu mtoto ataka kuangaliwa, akitazama televisheni yuageuza shingo." Basi nikamkalisha mkekani, nikamfunika jicho la kushoto kwa kiganja. Hakujali, akaendelea kutazama katuni zake. Nikafunika la kulia. Papo hapo akausukuma mkono wangu na kulia. Nikarudia, akafanya vilevile. Ndipo nilipoelewa kwamba jicho la kushoto halioni sawasawa. Mtoto mdogo hawezi kukwambia, maana jicho moja likiwa zima anaona dunia yote iko sawa, tena hakuna maumivu yanayomliza.

Daktari wa macho alimtia dawa ya kupanua mboni, akamulika ndani. Akaona uvimbe mweupe kwenye retina, ile ngozi laini ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga. Kitu cheupe ndani ya jicho la mtoto kwanza huogopwa kuwa ni saratani, kwa hiyo alipigwa ultrasaundi ya jicho na kutolewa damu. Zile siku za kusubiri majibu sikulala. Haikuwa saratani. Ilikuwa alama ya mnyoo wa mbwa na paka, unaoitwa toksokara.

Nikamuuliza daktari kama nilete choo cha mtoto kipimwe. Akasema, "Mama, huko hutapata kitu." Akanieleza hivi. Ndani ya utumbo wa mbwa au paka mnyoo huu hukua, hutaga, na mayai hutoka na kinyesi. Mtoto akiyameza kwa vidole vyenye mchanga, mayai huanguliwa tumboni, lakini minyoo wale wachanga hawakui kwa binadamu. Hutoboa ukuta wa utumbo na kusafiri na damu, wakipita kwenye ini na mapafu. Wengi hufia njiani bila mtoto kuonyesha dalili yoyote. Mmoja akifika jichoni, mwili humzunguka kwa uvimbe, na uvimbe huo ndio unaoacha kovu kwenye retina. Kwa kawaida huwa ni jicho moja tu. Kwa kuwa hakuna mnyoo mkubwa tumboni, choo hakionyeshi mayai, na mtoto hawezi kumwambukiza mwenzake. Hata damu huweza kukosa kuonyesha ugonjwa ukiwa jichoni peke yake, ndiyo maana jicho lenyewe lazima liangaliwe.

Shuleni walikuwa wamepewa kidonge kimoja cha minyoo, kama wanavyopewa watoto wengi. Kile ni cha minyoo wanaokaa tumboni. Hakiwezi kutegemewa kumfuata huyu aliyeingia mwilini. Mwanangu alitibiwa kwa dawa za kutuliza uvimbe, za matone na za kumeza, chini ya macho ya daktari, maana dawa hizo hupandisha presha ya jicho zisipoangaliwa. Uvimbe ulishuka. Lakini pale palipokufa kwenye retina hapakurudi, na jicho la kushoto sasa linaona maumbo makubwa tu.

Jambo lililonisaidia kupanga kazi ya uwanjani ni hili: kinyesi kibichi hakiambukizi mnyoo huu siku hiyohiyo. Yai linapotoka halina mnyoo aliye tayari. Linahitaji joto na unyevu kwa muda wa wiki mbili hadi nne ndipo mnyoo akomae ndani yake. Baada ya hapo laweza kukaa hai mchangani miezi mingi, hata miaka, penye kivuli na unyevu kama chini ya mwembe wetu. Kwa hiyo ukiokota kinyesi kila siku, umelitoa yai kabla halijawa hatari. Ukingoja kikauke na kupukutika, kinyesi hakionekani tena lakini mayai yamebaki.

Nilimwendea mwenye nyumba kwa adabu, nikamwonyesha barua ya hospitali. Hakubisha. Mchanga ule wa juu uliotumiwa na paka ulichotwa kwa beleshi na kuzikwa kwenye shimo refu nje ya ploti, na uliobaki ukaingia kwenye zege. Wengine walitaka tumwagie jiki. Jiki haiui mayai haya, ganda lake ni gumu mno. Maji yanayochemka huua, lakini nani atachemsha lori zima? Jua kali na ukavu ndio husaidia, basi tukakata matawi ya chini ya mwembe jua lipenye.

Watoto nao wanataka mchanga wao, na sikuona haki kuwanyima. Fundi akatutengenezea sanduku la mbao, tukatia mchanga mpya, na kila magharibi sanduku linafunikwa kwa turubai na kuwekwa mawe pembeni, kwa sababu paka huja usiku. Siku turubai likisahaulika, asubuhi mtu mzima hupekua mchanga kwa reki kabla mtoto hajakanyaga. Kando yake kuna mtungi wa maji na sabuni, na kucha zinakatwa Ijumaa.

Kazi ngumu ilikuwa majirani. Wengi walisema, "Sisi Waislamu hatufugi mbwa, hayo yatuhusu nini?" Ikabidi nieleze kwamba paka naye ana mnyoo wake wa aina hiyo, na ndiye anayelala barazani kwetu. Upande wa askari nilimwita daktari wa mifugo. Akasema watoto wa mbwa huzaliwa tayari na minyoo, kwa sababu ile iliyojificha kwenye misuli ya mama huvuka kuingia kwao wakiwa tumboni, na dawa ya kawaida haiifikii. Basi wao hupewa dawa wakiwa na wiki mbili, kisha kila baada ya wiki mbili hadi waache kunyonya, halafu mara kwa mara. Watoto wa paka huipata kwa maziwa, nao huanza dawa wakiwa na wiki tatu. Hao wachanga ndio wanaomwaga mayai mengi kuliko wote, na ndio watoto wetu wanaowapakata. Kwa hiyo kama pesa ni kidogo, anza na wao.

Kile kipimo cha kiganja nimekifanya kwa kila mtoto wa ploti, jicho moja baada ya lingine, nikimwonyesha kitu kidogo kama punje ya mahindi akiwa mbali kidogo. Msichana mmoja alikataa kufunikwa jicho la kulia kama alivyofanya mwanangu. Mamake alimpeleka hospitali wiki hiyohiyo, na kwake ilikuwa ni miwani tu iliyohitajika. Mwanangu naye huvaa miwani ya lenzi ngumu isiyovunjika akicheza mpira, kulilinda lile jicho la kulia, na kila anapoitwa kliniki tunakwenda.