Siku moja maishani mwangu: slaidi za kioo mchana, slaidi za mwalimu usiku

Mimi ni msaidizi wa maabara katika kliniki ndogo mjini Arua. Nina cheti, nasomea diploma, na kwa wateja wengi mimi ni "yule wa kutoboa vidole." Siku ninayoisimulia ni Alhamisi moja. Kesho yake tulikuwa na mtihani wa vimelea.

Saa 11 alfajiri. Chai kavu, boda, baridi. Slaidi za mwalimu zilikuwa kwenye simu, kurasa 64. Nilisoma tatu, boda ikaingia kwenye mashimo, nikaifunga simu.

Saa 1 na nusu asubuhi. Nikafagia, nikafuta lenzi, nikachanganya rangi ya Giemsa ya asubuhi. Watu wanadhani kazi yetu ni sindano na jibu. Hawajui kwamba tone nene la damu lisipokauka vizuri, linang'oka lote wakati wa kulipaka rangi, unabaki na kioo kisafi na mgonjwa mwenye hasira.

Saa 4. Akaingia mzee mmoja, ameshika kipimo cha haraka mkononi kama mtu aliyekuja na ushahidi mahakamani.

"Sista, dawa yenu ni maji."

Nikamwambia aketi. Hakuketi. Wiki mbili nyuma alitibiwa malaria kwetu, akamaliza vidonge vyote, akapona. Asubuhi hiyo alihisi mgongo unauma, akapita duka la dawa, wakampima, mistari miwili ikatokea. Sasa alitaka arudishiwe pesa, au apewe dripu, au vyote viwili.

"Mzee, hebu tutazame damu yenyewe kwa darubini."

"Nimeshapimwa! Unapima nini tena?"

Nikamtoboa huku akinihutubia. Tone nene likauka taratibu, kama linavyokauka siku zote ukiwa na haraka. Rangi ya asilimia 10, dakika 10, kuosha, kukausha tena. Mzee alikuja dirishani mara nne. Kisha nikakaa kwenye darubini. Huwezi kusema hakuna vimelea mpaka upite nyuga 100, yaani sehemu 100 za kioo, kwa lenzi ya mafuta, na mimi nilizipita zote, shingo ikiwaka moto, yeye nyuma yangu akimweleza mama mwenye mtoto kwamba vijana wa siku hizi wananunua vyeti.

Hakukuwa na kitu. Seli nyeupe, uchafu kidogo wa rangi, basi.

Nilijaribu kumweleza kwamba kipimo cha haraka hakimtafuti mdudu. Kinatafuta protini inayoitwa HRP2, ambayo mdudu huimwaga kwenye damu, na protini hiyo inaweza kubaki wiki kadhaa baada ya mdudu kufa. Maelezo yangu yalikuwa marefu na mabovu. Akaniuliza, "Kwa hiyo ninayo au sina?" Nikasema hana. "Na mistari hii miwili?" Nikarudia maelezo, yakawa mabovu zaidi. Mwisho afisa tabibu akamchukua chumbani, akamkagua mgongo, akamwandikia dawa ya maumivu. Alipotoka hakuniaga.

Baada yake nilipima watu 23. Siwezi kukumbuka hata mmoja.

Saa 12 jioni. Nikafika kwa Zubeda. Tunasoma darasa moja na mama yake hukaanga mandazi ya kuuza, ndiyo sababu tunasomea kwao. Umeme ulikuwa umekatika, taa ya sola ikiwa na mwanga wa kusomea uso wa mtu tu. Tukafungua slaidi. Ya 12: "Hatua za kimelea kwenye ini." Vidoti saba. Ya 13: "Hatua za kimelea kwenye damu." Vidoti tisa. Zubeda alisoma kwa sauti hadi ya 20, kisha akaniuliza ya 12 ilisema nini. Nilikuwa sijui. Naye hakujua, na ndiye aliyekuwa akisoma.

"Tucheze ludo," akasema. Nilidhani amekata tamaa.

Akachomoa ukurasa wa Machi kwenye kalenda ya zamani ukutani, akaugeuza upande mweupe. Mbele ya ukurasa mama yake alikuwa ameandika wadeni wake wa mandazi, kwa hiyo tuliapa kuurudisha. Tulikuwa na dadu moja, mkaa wa kuchorea, na vizibo vya soda, kama 40.

Mchezo wa kwanza ulituharibia nusu saa nzima. Tulichora njia ya miraba 30, kila mraba una swali kutoka slaidi: ukijibu unasonga, ukikosa unarudi. Tulikuwa tumezivalisha slaidi nguo za ludo tu. Nilishinda kwa kupata sita tatu mfululizo, na bado sikujua kwa nini kimelea kinatoka kwenye ini kwenda kwenye damu. Zubeda akafuta kila kitu kwa kanga.

"Mimi ni mdudu," akasema. "Wewe ni maabara na dawa. Nizuie."

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Tukakubaliana kucheza aina moja tu ya mdudu wa malaria, falsiparamu, maana ndiyo inayotusumbua Uganda, na wale wanaolala kwenye ini kwa miezi, vaivaksi na ovale, tukawaacha. Nikachora ini. Mimi si mchoraji. Ndani ya ini miraba sita, mraba mmoja siku moja, kwa kuwa falsiparamu hukaa humo takriban siku sita. Zubeda akaingiza kizibo kimoja, akaanza kukisogeza.

"Mimi nafanya nini?"

"Hufanyi kitu. Piga kipimo ukitaka."

Nikapiga. Hakuna kitu kwenye damu, jibu hasi. Siku ya pili hasi, ya tatu hasi. Nililalamika kwamba mchezo unanichosha, naye akacheka, "Mgonjwa naye hajisikii chochote." Slaidi ya 12 ilikuwa imelisema hilo kwenye kidoti cha tano, lakini mimi nililielewa kwa kukaa nimekunja mikono.

Kwenye damu tukachora duara la miraba minne, kila mmoja saa 12, jumla saa 48. Miwili ya kwanza ni ya pete, yaani kimelea kichanga. Wa tatu ni trofozoiti, aliyekomaa. Wa nne ni skizonti, anayepasuka. Kwa kweli skizonti mmoja hutoa watoto 16 au zaidi, na ini humwaga maelfu kwa maelfu, lakini vizibo vilikuwa 40. Tukaandika pembeni: "Hapa mchezo unadanganya." Kizibo kikipasuka kinazaa vinne, na ini linatoa sita.

Kisha Zubeda akapaka mkaa mraba wa tatu na wa nne. "Hapa huoni," akasema. Nikabisha, nikamwambia anajipendelea. Akanifungulia slaidi ya 27: seli zilizobeba falsiparamu aliyekomaa hung'ang'ania kuta za mishipa midogo ndani ya viungo, hazizunguki. Nikanyamaza. Miaka miwili natazama damu za watu, naona pete, naona pete, na mara mojamoja zile zenye umbo la ndizi, na sijawahi kujiuliza wakubwa wako wapi. Wako kichochoroni. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kuwa mahututi na kioo changu kikaonyesha pete chache.

Sijui saa ngapi ilikuwa. Mama alileta mandazi yaliyovunjika, akatazama, akaondoka.

Dawa zangu zilikuwa punje 6 za maharagwe, kwa dozi 6 za siku tatu tunazotoa kliniki. Kila zamu punje moja, narusha dadu, naondoa vizibo vingi kadiri ya dadu, hata vya kichochoroni. Tukaongeza sheria kwamba punje nisiyoitumia inanipa pointi. Nilianza na vizibo 12 vya Zubeda kwenye damu. Punje ya kwanza nikapata 5, vikabaki 7. Ya pili 2, vikabaki 5. Ya tatu 4, kikabaki kimoja. Nikatazama kile kizibo kimoja, nikatazama punje zangu tatu, nikaziweka mfukoni.

Zubeda hakusema neno. Alisogeza zamu nne, kikapasuka: vinne. Zamu nne nyingine: 16. Siku nne tu za mchezo. Na mimi ndiye ninayewagombeza wateja wanaoacha vidonge homa ikishuka, wakaviweka kabatini kwa ajili ya mtoto. Alitaka tuifute ile sheria ya pointi kwa kuwa ni ya kijinga. Nikamwambia ibaki, ujinga wenyewe ndio ulionifundisha.

Yule mzee naye akaingia mchezoni. Vizibo vilivyokufa tulikuwa tunavitupa kwenye boksi. Nikasema hapana, viende kwanza kwenye kifuniko cha sufuria. Tukakiita Kivuli. Kila zamu mbili kimoja kinatoka Kivulini. Nikipiga kipimo cha haraka wakati Kivuli kina kizibo hata kimoja, jibu ni chanya. Nikitumia darubini, nahesabu vilivyo kwenye duara tu. Ningekuwa na kile kifuniko saa 4 asubuhi, ningemwonyesha mzee badala ya kumhutubia. Pengine angenitukana vilevile.

Mchezo wa mwisho nilicheza kwa adabu. Punje zote sita, duara jeupe, hakuna kizibo. Nikanyanyua mikono.

"Bado zamu yangu," akasema Zubeda.

Zamu kadhaa nyuma alikuwa amegeuza vizibo viwili chali na kuvisukuma pembeni, kwenye kiduara alichokiita uboho. Nilidhani amechoka kuvishika. Zilikuwa ndizi zake, gametosaiti, wale wa kiume na wa kike ambao huchukua siku 10 hivi au zaidi kukomaa, kisha hungoja mbu. Akavirudisha kwenye damu, akarusha dadu, akavipeleka kwa Anofelesi. Nikapinga kwa sauti ambayo jirani aliisikia. Tukafungua slaidi ya 41: dawa yetu ya kawaida ya malaria haiwamalizi gametosaiti waliokomaa, anayewaua ni primakwini, dozi moja ndogo. Mimi primakwini sikuwa nayo. Mgonjwa wangu alikuwa amepona, na alikuwa ameshaambukiza mtaa.

Tukalala pale pale mkekani, vidole vyangu vikiwa na zambarau ya Giemsa chini na weusi wa mkaa juu.

Alfajiri Mama aliingia kuitafuta Machi yake. Akawasoma wadeni wake mmoja mmoja kuhakikisha hakuna aliyefutika, kisha akaugeuza ukurasa.

"Nani amechora kiazi nyuma ya pesa zangu?"

"Ni ini, Mama," nikasema.

Akausogeza kwenye mwanga. "Ini la nani limeoza hivi?"