Nilivyowapatanisha aurai na aurais kwa Kiswahili changu

Mwalimu wangu wa kwanza wa Kifaransa alikuwa na dawa moja ya kila ugonjwa: "Sahau Kiswahili." Tulipofika kwenye futur antérieur, yaani "nitakuwa nimefanya", na conditionnel passé, yaani "ningalifanya", akatugawia jedwali la vitenzi visaidizi, avoir upande huu, être upande ule, tukariri. Nikalikariri mpaka ningeweza kuliimba usingizini. Lakini mtu akiniuliza tu kwa nini fulani hajafika, nilibaki nimekodoa macho nikitafuta mstari wa kuanzia.

Nilinyooka nilipomkaidi. Hebu sikiliza tunavyosema: "nitakuwa nimemaliza". Kitenzi cha kwanza kinabeba wakati ujao, cha pili kinasema kazi imekwisha. Kifaransa ni hivyo hivyo: j'aurai fini. Kisha mtu asipotokea tunasema "atakuwa amesahau", wala hatuzungumzii kesho. Tunakisia lililokwisha kutokea. Kifaransa nacho kinakubali: il aura oublié. Kwenye maongezi utasikia zaidi il a dû oublier, ila ile ya kwanza ni sahihi na inapendeza kwenye maandishi. Vitabu huiweka ukurasa wa mwisho kana kwamba ni ya mabingwa. Mimi niliipata bure.

"Nikishamaliza nitakupigia" nayo ilikuja bila jasho. Ile -sha- inadai jambo moja liishe ndipo lingine lianze, na ndiyo kazi ya aurai baada ya quand au dès que: Quand j'aurai fini, je t'appellerai.

Sasa uhondo. Sisi husema "ningalijua, nisingalikuja", -ngali- huku na -ngali- kule. Rafiki mmoja aliyejiona mjuzi alinishauri kila -ngali- iwe aurais au serais, basi. Ukimfuata utaandika si j'aurais su, kosa ambalo hata watoto wa Kifaransa hukatazwa shuleni kwa kijimsemo chao, les si n'aiment pas les -rais. Upande wa si, yaani "ikiwa", unataka avais au étais, na upande wa pili peke yake ndio unaopewa aurais au serais: Si j'avais su, je ne serais pas venue. (Venue ina e ya mwisho kwa sababu mimi ni mwanamke na kitenzi kimetumia être. Mwanamume ataandika venu.)

Tena siku hizi wengi wetu tumeiacha -ngali-, tunasema -nge- kwa kila kitu. "Ningekuwa na nafasi ningekuja" ni ya leo au ya jana? Mimi huongeza neno "jana" kichwani. Sentensi ikilikubali, mlango umeshafungwa: si j'avais eu le temps, je serais venue. Ikilikataa, bado kuna tumaini: si j'avais le temps, je viendrais.

Tatizo la masikio nalo lilinisumbua, kwa sababu j'aurai na j'aurais wengi huzitamka karibu sawa. Ujanja wangu, ambao naringa nao, ni kuhamisha sentensi kwa nous kabla ya kuandika. Ikiwa nous aurons, naandika aurai. Ikiwa nous aurions, naandika aurais. Haijanitupa.

Niliyojipima nayo ni sentensi hii ya kumlalamikia mtu: "Angenipigia jana ningemfuata, atakuwa amesahau, nikishamaliza kazi nitampigia mwenyewe." Nikaandika: S'il m'avait appelée hier, je serais allée le chercher, il aura oublié, quand j'aurai fini mon travail, je l'appellerai moi-même. Jedwali lingenifikisha hapo mwaka gani?

Angalizo, maana kuna wanaoishika ile sheria ya si kwa meno. Si inayomaanisha "kama" ya kuulizia, ile ambayo jibu lake ni ndiyo au hapana, haina ugomvi na maumbo haya. Je ne sais pas s'il aura fini avant midi ni sahihi kabisa. Je me demande si j'aurais pu l'aider pia.

Na ukianza kusoma magazeti ya Kifaransa, usidhani kila aurait ni majuto. Le ministre aurait démissionné haina si yoyote, hakuna sharti. Mwandishi anasema "inadaiwa waziri amejiuzulu", na yeye mwenyewe hajathibitisha. Nilimwona mtu akiisambaza habari ya namna hiyo kama jambo lililokwisha kutokea, na mwingine akabisha kwamba maana yake ni "angejiuzulu". Wote wawili walikosea, na nilifurahi sana kuwaambia.