Barua Iliyosindikiza Muhtasari wa Kikao cha Paa

Wiki iliyopita katibu wetu mpya alinionyesha barua aliyotaka kuwatumia wajumbe ambao hawakuhudhuria kikao, ili isindikize muhtasari. Ilikuwa na sentensi moja: "Tafadhali pokeeni muhtasari wa kikao kwa taarifa na hatua zenu." Aliniuliza kama inatosha. Kabla sijamjibu, mawazo yangu yalikuwa yamekwisha kurudi kwenye kikao cha paa na barua niliyoiandika usiku ule, nikiwa mimi ndiye katibu na Mwenyekiti wa wakati ule akisubiri kuisoma.

Kamati ilikuwa na wajumbe 9, na katiba yetu iliweka akidi ya wajumbe 5. Siku ile walifika watano kamili. Ajenda za mwanzo zilikwenda upesi: muhtasari uliopita ukathibitishwa, yatokanayo yakajadiliwa, taarifa ya mafunzo ikasomwa kwa niaba ya mjumbe aliyeiandika kwa kuwa alikuwa ametoa udhuru, na ratiba ya mwaka ikapitishwa. Tulipokaribia ajenda ya 6 mjumbe mmoja aliitwa nyumbani kwa dharura, akaomba ruhusa, akaondoka. Tukabaki wanne. Tuliendelea kuzungumza, na mazungumzo yalikuwa mazuri, lakini niliandika saa aliyotoka na nikaongeza kwamba kuanzia ajenda ya 6 akidi haikuwapo. Bila maelezo hayo, msomaji wa orodha ya mahudhurio angehesabu majina matano, angeona akidi imetimia, na angeamini kwamba kila kilichofuata ni uamuzi halali.

Ajenda ya 6 ilihusu kuhamisha fedha zilizobaki katika fungu la mafunzo ziende fungu la matengenezo, ili paa la ukumbi lishughulikiwe kabla ya mvua. Ajenda ya 7 ilihusu kubadilisha mmoja wa watia saini wa akaunti ya benki. Wote wanne tuliobaki tuliunga mkono mambo yote mawili, lakini kuunga mkono kwetu hakukuwa uamuzi wa kamati. Katiba iliruhusu uamuzi nje ya kikao kwa ridhaa ya maandishi ya zaidi ya nusu ya wajumbe wote, yaani watano. Na kwa kuhamisha fedha kutoka fungu moja kwenda jingine ilidai theluthi mbili ya wajumbe wote, yaani sita. Sisi wanne tulitia saini maneno ya mapendekezo hayo usiku uleule. Kwa hiyo kwa benki tulihitaji ridhaa moja zaidi, na kwa paa tulihitaji mbili, kutoka kwa wajumbe wanne waliokuwa na udhuru na yule aliyeondoka.

Nilianza barua kwa kuwaeleza wajumbe hao watano kwamba muhtasari walioupokea ni rasimu, na kwamba utathibitishwa katika kikao kijacho. Kisha nikawaambia wausome kwa jicho gani, kwa sababu mtu ambaye hakuwapo hawezi kusahihisha maneno yaliyosemwa asipokuwapo. Anachoweza kukagua ni kile kinachomhusu: kama udhuru wake umeandikwa, kama takwimu za taarifa yake zimenakiliwa sawasawa, na kama kazi aliyopangiwa anaikubali. Jambo hilo la mwisho nililitenga katika aya yake. Katika ajenda ya 5 wajumbe wawili walikuwa wamepangiwa kazi wakiwa hawapo, na jina likiandikwa mbele ya kazi bila mwenyewe kuridhia, kikao kijacho hujikuta kinamdai mtu deni asilolijua. Nikataja kazi, nikataja tarehe ya mwisho, nikamwomba kila mmoja aseme kama anaipokea. Nikaeleza pia kwamba marekebisho yaletwe kwangu kwa maandishi, wala mtu asibadilishe waraka wenyewe, ili kamati iyaone na kuyakubali kabla ya kuuthibitisha.

Ajenda ya 1 hadi ya 5 niliziita "mambo yaliyokwisha kuamuliwa, kwa taarifa", kwa kuwa yalipita akidi ikiwapo. Mpaka hapo Mwenyekiti alikuwa amekubali kila aya.

Tulikwama kwenye sehemu ya maamuzi. Nilikuwa nimenakili pendekezo la paa lote kama lilivyoandikwa kwenye muhtasari, bila kumwelekeza mjumbe "aone ajenda ya 6", kwa sababu nilitaka kila mtu ajibu maneno yaleyale tuliyoyatia saini sisi wanne. Liliandikwa hivi: "Kamati inaombwa kuamua kwamba kiasi chote kilichobaki katika fungu la mafunzo la mwaka huu kihamishiwe fungu la matengenezo, kwa ajili ya paa la ukumbi peke yake." Chini yake niliweka majibu matatu: nakubali, sikubali, sipigi kura. Nikaandika siku na saa ya mwisho ya kupokea majibu.

Mwenyekiti alisoma, akachukua kalamu, akaongeza kwa mkono: "Mjumbe asiyejibu ndani ya siku saba atahesabiwa kuwa amekubali."

Nilimwambia, "Mwenyekiti, sentensi hiyo hatuwezi kuipeleka."

"Kwa nini, Katibu? Tumewapa muda. Mtu mzima akinyamaza, amekubali."

Nilifungua katiba mbele yake. Tulikaa kimya tukisoma kifungu kile pamoja, kidole chake kikifuata mstari, mpaka akafika kwenye maneno "ridhaa ya maandishi". Akarudia kuyasoma. Alikuwa mtu mwenye nia njema, na hofu yake ilikuwa ya kweli: fundi alikuwa ametoa bei yenye muda maalumu, na mawingu yalikuwa yanaanza kukusanyika kila jioni. Nilimweleza kwamba anayenyamaza huenda hakuipata barua, huenda yuko safarini, huenda anapinga na hataki kugombana, na kwamba sisi kwa kukaa pale hatuna njia ya kujua ni lipi kati ya hayo. Zaidi ya hayo, benki au mkaguzi wa hesabu akituomba uthibitisho wa ridhaa, tutampa nini? Hatutakuwa na karatasi ya kumwonyesha.

Alikata sentensi yake kwa mstari mmoja ulionyooka. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, kama angalau ningeweza kuwaandikia kwamba sisi wanne tulikuwa na kauli moja na kwamba paa haliwezi kusubiri. Hilo nalo lilinisumbua kwa muda mrefu kuliko lile la kwanza. Hatimaye tukakubaliana niandike ukweli unaoweza kukaguliwa: kwamba waliobaki wanne wametia saini kukubali, kwamba bei ya fundi inaisha tarehe fulani, na kwamba fedha zikihamishwa mafunzo ya robo ya mwisho hayatafanyika. Sababu za kupinga zilizotajwa katika mazungumzo nikazielekeza kwenye ukurasa wake wa muhtasari. Neno "haliwezi kusubiri" halikuingia, kwa sababu hilo lilikuwa ndilo swali lenyewe tulilokuwa tunawaachia walijibu.

Barua iliondoka asubuhi. Majibu yalikuja polepole, na karibu kila moja lilinifundisha jambo. Mjumbe aliyeondoka mapema alikubali yote mawili siku ileile. Mwingine aliandika, "Nimepokea, asante sana Katibu," basi. Jibu hilo ni la adabu, lakini linathibitisha kupokea, halithibitishi kuridhia. Nilimwandikia tena nikimwomba achague mojawapo ya majibu matatu, na hakujibu hadi muda ukapita. Wa tatu alikubali badiliko la benki na kukataa la paa, akaeleza sababu zake vizuri. Wa nne hakusema lolote. Wa tano, yule aliyeandika taarifa ya mafunzo, alikubali la benki, na kuhusu paa akaandika: "Nakubali, ila nusu ya fedha ibaki kwenye mafunzo."

Kwa benki, hesabu ilifika saba na hapakuwa na mjadala. Kwa paa, waliokubali bila sharti walikuwa watano, na Mwenyekiti alitaka yule wa "nakubali, ila" awe wa sita. Nilielewa kwa nini. Lakini pendekezo lililotumwa lilisema kiasi chote, na mjumbe huyu alikuwa amekubali nusu. Hilo lilikuwa pendekezo jingine, ambalo wengine wanane hawakuwa wameliona wala kulitia saini. Nikaandika kwamba ridhaa ya theluthi mbili haikupatikana na kwamba jambo linarudi kikaoni. Majibu yote niliyaambatisha kwenye jalada la kikao, na matokeo yakasomwa na kuingizwa kwenye muhtasari wa kikao kilichofuata, ambako akidi ilikuwapo na pendekezo la nusu likapita. Bei ya fundi ilikuwa imekwisha muda, mvua mbili kubwa zilikuwa zimenyesha, na ukumbi uliezekwa upande mmoja kwanza.

Mwenyekiti hakunilaumu. Hata hivyo, mara kadhaa baadaye, tukiwa wawili, aliuliza kama kweli kamati ilitumikiwa vyema zaidi kwa njia ile. Nilimjibu kwamba maamuzi yetu yalisimama, nami niliamini hivyo na bado naamini. Sina hakika kama lilikuwa jibu la alichouliza.

Lakini kinachonirudia zaidi ni alichoniambia yule mwandishi wa taarifa ya mafunzo tulipokutana katika kikao kilichofuata. Alikuwa ameona kwamba ratiba ya mwaka, iliyopita katika ajenda ya 4, iligongana na kazi ya paa, maana ukumbi ulipangiwa shughuli katika majuma yaleyale ambayo fundi angekuwa juu. Hakuliandika. "Barua yako ilisema hayo ni kwa taarifa," alisema, "nikadhani hamtaki maoni."

Aliisoma barua kama ilivyoandikwa. Jambo lililoamuliwa akidi ikiwapo haliwezi kufunguliwa kwa barua. Njia yake ni mjumbe kuomba liingizwe tena katika ajenda. Tangu siku ile, chini ya kichwa cha mambo ya taarifa, niliongeza sentensi hii: "Mjumbe akiona katika maamuzi haya jambo linalogusa maamuzi yaliyo hapa chini, aliandike, litapelekwa kikao kijacho." Wachache sana waliwahi kuitumia. Mmoja alidhani imefungua upya kila kitu, na ikabidi nimpigie simu nimweleze mpaka akaridhika. Nimejaribu kuiandika kwa maneno mengine mara nyingi, na katibu mpya nimempa namna mbili tofauti za kuiandika, kwa kuwa bado sijui ipi inamfikia msomaji vizuri zaidi.