Homa ya Leeds

Kwetu Mombasa mtu akisema ana homa, hakuna anayemuuliza homa gani. Neno hilo moja hubeba joto la mwili, hubeba malaria, na wakati wa kusi hubeba hata pua inayotiririka. Nililichukua lilivyo hadi Leeds nilipokwenda kusoma Septemba 2022.

Mafua ya kwanza yalinipata Oktoba. Yalikuja kwa adabu. Siku ya kwanza koo lawasha, ya pili pua imeziba, ya tatu napiga chafya darasani, lakini jioni narudi na kupika kama kawaida. Joto sikuwa nalo. Wiki ikaisha, nayo yakaisha, nikajiona nishakuwa mwenyeji.

Ya Desemba haikubisha hodi. Ilikuwa ile wiki ya barafu katikati ya mwezi, jua linazama kabla ya saa kumi, nami nimevaa fulana mbili, sweta na koti, na leso ya mama nimejifunga kiunoni kwa ndani. Saa saba mchana nilikuwa maktabani, mzima. Saa tisa kila kiungo chauma, hata macho nikiyageuza yanauma. Kutoka kituo cha basi hadi nyumbani ni dakika tano. Siku hiyo nilikaa mara mbili juu ya kiambaza cha watu. Dada niliyekuwa nikiishi naye, mtu wa Tanga, alinipima: 39.4. Na pua yangu kavu kabisa.

Nikampigia mama.

"Watetema?"

"Natetema, mama."

"Basi ni malaria hiyo. Si ulitia dawa sandukuni?"

Nilitia. Pakiti ya mseto, vidonge 24, niliinunua Majengo siku mbili kabla ya safari. Vinne vya mwanzo vilikuwa tayari kiganjani dada aliponishika mkono.

"Ukishameza, mdogo wangu, watakupima nini? Wadudu watapungua kwenye damu, darubini isiwaone, na ugonjwa uwe bado unao."

Sikuwa nimejiandikisha kwa daktari wa mtaa. Ni bure, fomu nilikuwa nayo mezani tangu Oktoba, uvivu tu. Kwa hiyo tulipiga 111, namba ya ushauri wa afya inayofanya kazi usiku na mchana bila malipo. Mama mmoja akaniuliza polepole: shingo inakaza? Kuna upele? Unapumua vizuri? Nikajibu, kisha nikaongeza kwamba nimetoka Mombasa miezi mitatu iliyopita. Hapo mazungumzo yakageuka. Homa kwa mtu aliyetoka penye malaria, akasema, hupimwa siku hiyo hiyo. Niende hospitali usiku huo, kwenye dharura.

Mapokezi nilifika na kadi ya benki mkononi. Nilizoea dirisha la malipo litangulie daktari. Nilipouliza nilipe wapi, kijana wa mapokezi alinitazama kama niliyemuuliza pa kufunga punda, akataka jina, tarehe ya kuzaliwa na anwani, basi. Huduma pale mlango wa dharura haina malipo, na mengine nilishayalipia bila kuyatilia maanani: pauni 470 kwa mwaka, juu ya ada ya viza ya mwanafunzi.

Tulingoja kwa muda wa saa tano. Walichukua damu, na kijiti wakanitia puani hadi machozi yakanitoka. Alfajiri daktari akaja na majibu: wadudu wa malaria hawakuonekana, ila nina homa ya mafua, virusi vya aina ya A. Hata hivyo alinitaka nirudi kesho yake, na keshokutwa, kwa damu nyingine. Wadudu wanaweza kuwa wachache mno saa ile ya kuchomwa sindano, akanieleza, na ile malaria kali ya kwetu mara nyingi hujitokeza ndani ya miezi mitatu tangu mtu aondoke. Tarehe zangu zilikuwa palepale.

Antibiotiki hakunipa, kwa kuwa haziui virusi. Paracetamol ya miligramu 500, vidonge viwili kila saa sita, visizidi vinane kwa siku, na maji. Nyumbani dada alinipokonya pia vile vipakiti vya unga wa limau nilivyokuwa nikikoroga kwenye maji moto. Alinionyesha ubavuni mwa boksi: paracetamol hiyo hiyo, nami nilikuwa nishaongeza bila kujua.

Siku ya tatu damu ilikuwa safi tena, joto limeshuka, kikohozi ndicho kilichobaki, na kilibaki wiki mbili. Nikampigia mama.

"Si malaria. Wamesema ni homa ya mafua."

Kimya kidogo. Nikasikia mwadhini wa mtaani kwetu upande wa pili.

"Sasa mwanangu, ni homa ama ni mafua?"