Siku moja na fomu 960 za viporo, Tabora

Saa 1:30 asubuhi. Fomu za usajili wa wakulima wa tumbaku zimejaa meza mbili, nyingine ziko kwenye maboksi sakafuni. Tunazihesabu kabla mlango haujafunguliwa: 960. Meneja anataka ziishe Ijumaa jioni. Leo ni Jumanne, makarani ni wanne, na yeye anaamini wakikaza watamaliza.

Saa 3. Makatibu wa vyama vya msingi kutoka Urambo na Sikonge wanashuka na bahasha zao. Kitabu cha mapokezi kinaonyesha kwamba kwa siku ya saa nane za kazi zinaingia fomu kama 320, yaani 40 kwa saa.

Saa 4. Nakaa pembeni ya karani na saa mkononi. Fomu safi anaiingiza kwa dakika tatu. Inafuata isiyo na namba ya NIDA. Anampigia katibu, simu haipatikani, anapiga tena, na dakika kumi zinapita. Wengi hupima zile safi tu, ndiyo maana hesabu zao huwa tamu. Nikichanganya zote napata wastani wa dakika tano. Ukiondoa mtandao unaokatika na chai, karani anafanya kazi kweli kweli dakika 50 kwa saa: fomu 10.

Saa 6. Sasa hesabu. Zinaingia 40, karani anamaliza 10, kwa hiyo wale wanne wanatosha kuzuia rundo lisikue, basi. Viporo vinaliwa na nguvu ya ziada tu. Wakiwa watano, ziada ni 10 kwa saa: 960 zinataka saa 96, siku 12 za kazi. Wakiwa saba, ziada ni 30, siku nne. Wakiwa wanane, ziada ni 40, saa 24, siku tatu. Kuanzia kesho hadi Ijumaa ni siku tatu kamili.

"Wanane?" meneja anashtuka. "Si ni mara mbili!"

"Ndiyo, bosi. Wanne wa leo wanakula zinazoingia leo."

Saa 8 mchana. Nusura tusahau mhakiki. Kila fomu lazima aipitishe, dakika moja moja, 60 kwa saa. Makarani wanane watamletea 80, na 20 zitabaki mezani kwake kila saa. Rundo litahama chumba tu. Tunamwomba mama wa mahesabu asaidie kuhakiki siku hizo tatu.

Saa 10. Tunakubaliana: vibarua wanne waje kesho, wawe wale waliowahi kutumia mfumo huu, maana wa kujifunza atakula muda wa wenzake. Kesho jioni tutahesabu tena. Zikibaki karibu 640 tuko sawa. Zikizidi 700, ama fomu zimeingia nyingi au zile dakika tano si za kweli. Jumatatu nimeomba wabaki makarani watano, si wanne, kwa sababu fomu haziji kwa mpangilio: basi likichelewa, bahasha za asubuhi na za mchana huingia pamoja.

Meneja amesaini posho za vibarua. Ya karani wa tano bado anaifikiria.